Bibi anahema, feni inapumua: kisa cha kompresa iliyokazwa kupita kiasi

Juzi kati dada mmoja anayetengeneza podikasti ya mafundi wa mikono alinitumia mahojiano na ujumbe mfupi, "Kaka naomba unisikilizie hii, wasikilizaji wanasema bibi anahema kama katoka kupanda mlima, na mimi nilikaa naye mkekani, alikuwa katulia kabisa." Nikafungua, na kweli, kila baada ya maneno matatu manne unasikia pumzi inavutwa, kubwa karibu sawa na maneno yenyewe, alafu nyuma kuna feni ya darini ambayo bibi akiongea inapotea na akinyamaza inaibuka, akiongea inapotea, akinyamaza inaibuka, mpaka unachoka kabla hujaelewa anasimulia nini. Na anachosimulia ni kitu cha kusikilizwa haswa, bibi ni msusi wa mikeka wa Unguja, anaeleza miyaa inavyochanwa, inavyochemshwa na rangi, inavyosukwa kuwa ukili mpaka ukili unaposhonwa mkeka. Iliniuma kusikia sauti ya namna ile imeharibiwa na mashine.

Bahati nzuri rekodi mbichi zilikuwepo. Treki mbili, bibi na maiki yake ya kubandika nguoni, dada na ya kwake. Aliyeediti mara ya kwanza alikuwa mtu mwingine, na projekti yake ilikuja na kila kitu, kwaiyo sikuhitaji kubahatisha alichofanya, nilifungua tu kompresa ya treki ya bibi, ile plagini ya kubana sauti kubwa, na namba zilikuwa hizi:

```
Threshold   -40 dB
Ratio       8:1
Attack      0.5 ms
Release     40 ms
Make-up     +20 dB
```

Hapa nitaziita kizingiti, resho, ataki, rilisi na geini ya kurudishia. Kizingiti ni kiwango ambacho sauti ikikivuka kompresa inaanza kubana. Resho inasema inabana kwa ukali gani, 8:1 maana yake kila desibeli 8 zinazopita juu ya kizingiti inatoka moja tu. Ataki na rilisi ni mwendo wake, inachukua muda gani kukaza na muda gani kulegeza. Geini ya kurudishia ndo ile inayoongezwa mwishoni kwa sababu baada ya kubana sauti imekuwa ndogo. Watu wengi wanaichukulia hiyo ya mwisho kama kitu cha kawaida tu, wanaweka otomatiki wanaendelea na mambo yao, na kwenye kisa hiki ndo iliyofanya uharibifu mkubwa, ila ilitumwa na kizingiti.

Ngoja nieleze kwa hesabu maana bila hesabu utabaki unageuza vitasa tu. Nilipima treki mbichi ya bibi. Kumbuka kwenye rekodi ya kidijitali 0 ndo dari, kila kitu kinahesabiwa kushuka chini ya hapo. Akiongea kawaida vilele vyake vinafika kama -18. Akishusha sauti, kwa mfano pale anapomkumbuka mama yake aliyemfundisha, anafika -30. Akicheka au akimsahihisha dada kwa nguvu, "Siyo hivyo mwanangu!", anaruka mpaka -6. Pumzi zake zipo kwenye -45 na feni iko -58. Kwaiyo kati ya maneno ya kawaida na pumzi kuna nafasi ya desibeli 27, na kati ya maneno na feni kuna 40. Hiyo kwa kweli ni rekodi nzuri, dada aliweka maiki vizuri, feni ilikuwepo lakini haikumsumbua mtu.

Sasa pitisha hizo namba kwenye kompresa ile. Maneno ya kawaida, -18, yapo desibeli 22 juu ya kizingiti cha -40. Gawanya kwa 8 unapata 2.75, kwaiyo yanatoka kwenye -37 na kidogo. Kicheko cha -6 kipo 34 juu, kinatoka kama -36. Ile sauti ya chini ya -30 inatoka kama -39. Umeona kilichotokea? Mnong'ono wa mwanamke anayemkumbuka mama yake na kicheko chake cha kupasua zilikuwa zimeachana kwa desibeli 24, sasa zimeachana kwa 3. Lakini pumzi ya -45 na feni ya -58 zipo chini ya kizingiti, hazikuguswa kabisa, zimebaki pale pale. Alafu sasa inakuja geini ya +20 inainua vyote kwa pamoja: maneno yanaenda -17, pumzi inaenda -25, feni inaenda -38. Maneno yamerudi karibu na pale yalipokuwa, ila pumzi imesogea karibu kwa desibeli 20 nzima. Nafasi ya 27 imebaki 8 hivi. Ndo maana bibi anahema.

Hapa ndo naomba watu waelewe vizuri, kompresa haijui kukuza sauti ndogo. Inajua kushusha kubwa tu, na geini ya baadae ndo inayopandisha kila kitu, pamoja na pumzi, feni, jogoo wa jirani na mate ya mdomoni. Kila desibeli unayobana kwenye maneno ni desibeli utakayoilipa kwenye kelele. Ukiona sindano ya kompresa, ile inayoonyesha imeshusha desibeli ngapi, inasoma 19 kwenye maneno ya kawaida kabisa, si kwenye kicheko, jua umeshalipa 19.

Na kizingiti cha -40 hakikuwa kibaya kwa sababu ni namba kubwa au ndogo, kilikuwa kibaya kwa sababu ya bibi huyu na maiki hii. Kama rekodi ingekuwa imeingia na sauti ndogo sana, vilele kwenye -36, kizingiti hicho hicho kingegusa juu juu tu. Ndo maana preseti, zile namba zilizopangwa tayari, iliyoandikwa sauti ya mwanamke au podikasti haiwezi kukusaidia kwenye kizingiti, kwa sababu aliyeitengeneza hajui rekodi yako imeingia na kiwango gani. Resho na ataki unaweza kuazima kwa mtu, kizingiti lazima ukitafute mwenyewe kwa kusikiliza na kuangalia sindano.

Nilichofanya kabla hata sijagusa kompresa ni kushusha vicheko kwa mkono. Nilikata klipu za vicheko na zile "Siyo hivyo mwanangu" nikazishusha desibeli 6, na pale aliposema kwa sauti ya chini sana nikapandisha 4. Inachosha kidogo kwenye mahojiano marefu lakini ni kazi ambayo kompresa haiwezi kuifanya bila kuacha alama, maana mimi najua kicheko kinaanza wapi na kinaisha wapi, mashine haijui. Baada ya hapo kizingiti nikaweka -24, resho 3:1. Maneno ya kawaida yapo 6 juu, yanatoka 2 juu, yaani yamepungua desibeli 4. Kicheko kilichokwishashushwa kipo -12, kinabanwa 8. Sauti ya chini sasa ipo -26, haiguswi. Geini ya kurudishia nikaweka 5 tu. Pumzi inaenda -40, maneno -17, nafasi imerudi 23. Feni ipo, ukiitafuta utaisikia, lakini imetulia nyuma.

Hizi hesabu ni za sauti iliyosimama pale pale, na maneno hayasimami. Hapo ndo tunaingia kwenye ataki na rilisi, na hapa masikio yanafanya kazi kuliko kalamu.

Ataki ya nusu milisekunde. Ukisikiliza faili ile ya kwanza utaona maneno ya bibi hayana ncha. Anasema "pakacha", "katani", "kitanga", na zile p, t na k zinasikika kama zimefunikwa kitambaa. Sababu yake ni kwamba konsonanti kama hizo ni mlipuko mfupi, milisekunde chache tu hivi, alafu inakuja irabu yenye nguvu. Kompresa yenye ataki ya nusu milisekunde inaukamata ule mlipuko wenyewe unapoanza tu, inaushusha, na sikio letu linategemea mlipuko huo kujua ni k au ni t. Nikaweka 10. Pale mlipuko unapita ukiwa mzima au karibu mzima, alafu kompresa inashika irabu inayofuata, maneno yanapata ncha yake na bado kiwango kimetulia. Tofauti hiyo unaisikia vizuri zaidi kwenye spika ndogo ya simu, ambako ndo watu wengi wanasikilizia, kuliko kwenye hedifoni za bei.

Usidhani basi ataki ndefu ndo nzuri, ongeza ongeza. Jaribu 80 kwenye sauti ile ile usikie. Bibi anasema "Hapana!" na silabi inatoka nzima ikiruka nje, alafu ndo kompresa inashtuka, inashusha mkia wa neno, neno linasikika limekatika katikati, mbele kubwa nyuma dogo. Kwenye Kiswahili hilo linaudhi zaidi kwa sababu mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwaiyo mara nyingi kompresa inafika kushusha pale pale neno linapotaka kusimama. Kwa maneno ya kusema mimi huwa nabaki kati ya 5 na 15 na nasogeza kwa kusikiliza p na k, basi.

Kitu kimoja kinachanganya watu hapa. Ataki si muda wa kungoja. Kompresa haikai kimya milisekunde 10 alafu ndo inaruka, inaanza kukaza mara tu sauti inapovuka, na namba inasema itachukua muda gani kufika sehemu kubwa ya safari yake. Na watengenezaji hawajakubaliana sehemu kubwa ni ngapi, kwaiyo 10 ya plagini moja inaweza kusikika tofauti na 10 ya nyingine. Zaidi ya hapo kuna vifaa kama 1176, kompresa ya studio ya miaka ya 1960 ambayo leo kila kampuni ina plagini ya kuiiga, ataki yake inaenda kutoka mikrosekunde 20 mpaka 800, yaani hata ukiiweka polepole kabisa bado iko chini ya milisekunde moja, na kitasa chake kinazunguka kinyume, ukipeleka kulia unaongeza kasi. Mtu akikwambia weka ataki polepole muulize kwanza anatumia nini.

Rilisi sasa, na hii ndo iliyomfanya yule feni apumue. Rilisi ya milisekunde 40 inamaanisha bibi akimaliza neno tu kompresa inalegeza karibu yote, zile desibeli 19 zinarudi kwa kishindo ndani ya ile nafasi ndogo kabla ya neno linalofuata, na kilichopo kwenye nafasi hiyo ni feni na pumzi. Neno linalofuata likianza feni inasukumwa chini tena. Ukifumba macho ni kama mtu anafungua na kufunga mlango wa chumba chenye feni, kila neno mara moja. Hapo unaweza kujua tatizo ni rilisi na siyo feni yenyewe: feni halisi inavuma sawa muda wote, ikiwa inacheza kwa mdundo wa maneno basi anayeichezesha ni kompresa.

Kulikuwa na alama nyingine ya rilisi fupi ambayo haisemwi sana. Herufi s na sh za bibi zilikuwa kali zinachoma, "sisi tulikuwa tunashona usiku", kila s inakata sikio. Sauti ya s kwa kawaida ina kiwango kidogo kuliko irabu iliyo jirani yake, kwaiyo kompresa inayolegeza haraka inafika kwenye s ikiwa imeshaachia, s inapita bila kubanwa, alafu geini ya 20 inaipandisha. Na zile m na n zinazotangulia, kama kwenye "mpaka", "mtu", "nchi", zile sauti ndogo za puani mwanzoni zilikuwa zimevimba mpaka unasikia mmm-tu. Aliyeediti alikuwa ameona ukali wa s akaweka kifaa cha kuipunguza juu yake, na bila shaka kikamfanya bibi asikike ana kithembe sehemu nyingine. Nilipopunguza kubana na kurefusha rilisi s zilirudi zenyewe mahali pake, kile kifaa nikakizima.

Nilianza na rilisi 150 nikapandisha. Upande wa pili nao una shimo lake. Nikiweka 1500, bibi anacheka, kompresa inakaza, alafu anasema sentensi inayofuata kwa sauti yake ya kawaida na inatoka imezama, inapanda taratibu mpaka mwisho wa sentensi ndo unaisikia sawa. Hicho kipande, kicheko na sentensi baada yake, ndo niliweka lupu nikawa narudia rudia huku nageuza rilisi, kwa sababu ndo mahali pagumu kuliko pote kwenye rekodi nzima, kikikaa sawa hapo kwingine kote kitakaa. Nilitulia kwenye 220. Ukiangalia sindano utaona bibi anapoongea mfululizo inacheza kati ya 2 na 5, hairudi sifuri katikati ya neno wala kati ya neno na neno, ila anaponyamaza kuvuta wazo inarudi sifuri bila haraka. Hiyo ndo picha ninayoitafuta kwa maneno ya kusema, sindano ifuate sentensi, isifuate silabi.

Namba za mwisho kwenye treki ya bibi:

```
Threshold   -24 dB
Ratio       3:1
Attack      10 ms
Release     220 ms
Make-up     +5 dB
```

Mbele ya kompresa niliweka kichujio cha kukata chini ya 80 Hz. Maiki ya nguoni inapokea upepo wa p na mguso wa khanga, hayo mambo yana nguvu kubwa chini kabisa ambako spika ya simu hata haitoi, lakini kompresa inayaona na inabana sauti nzima kwa ajili ya kitu ambacho msikilizaji hakisikii. Sindano ikiruka na wewe hujasikia chochote kikubwa, angalia chini huko.

Dada aliponisikiliza mara ya kwanza aliniambia, "Lakini kaka, ile ya kwanza naona kama ilikuwa na nguvu zaidi." Ni kweli ilikuwa inasikika kubwa zaidi, kwa sababu kila kitu kilikuwa juu muda wote, na sikio likisikia kitu kikubwa kidogo linakiona kizuri zaidi hata kama ni kibovu. Nikampelekea zote mbili zimesawazishwa ukubwa kwa mita ya LUFS, zote -16, hicho ndo kiwango ambacho Apple wanapendekeza kwa podikasti. Akajibu baada ya dakika chache, "Eeh, sasa naisikia. Ile ya kwanza bibi kama ananifokea muda wote." Huwezi kulinganisha kompresa ikiwashwa na ikizimwa kama ukubwa haulingani, utachagua iliyo kubwa kila siku.

Treki ya dada mwenyewe ilikuwa imewekwa namba zile zile za aliyeediti mwanzo, lakini yeye hana vicheko vya kuruka, anaongea kwa kiwango kimoja kama mtangazaji. Kwake ilitosha 2:1 na kubana desibeli 2 au 3. Alafu kulikuwa na sehemu bibi na dada wanacheka pamoja, na pale kila maiki imeshika watu wawili, dada anasikika kwenye maiki ya bibi na kompresa ya bibi inabana kwa sababu ya kicheko cha dada. Hakuna namba ya ataki wala rilisi itakayotatua hilo. Nilishusha treki ya dada kwa mkono sehemu ambazo bibi ndo anaongoza, na ya bibi pale dada anapouliza, na ikatosha.

Kipande kimoja tu kilibaki na feni ya kusikika, pale bibi anaponong'ona jina la yule aliyemfundisha kusuka, nilikipandisha kwa mkono na feni ikapanda nacho. Dada alisema tuache hivyo hivyo, jina lisikike, nami nilikubaliana naye.